Menyu ya wiki ya dei kea yenye watoto ishirini: chungu kimoja, aleji nne na laki moja

Wengi wanaofungua dei kea mtaani huku Dar wanaanza na menyu, yaani wanakaa wanaandika Jumatatu wali maharage, Jumanne ndizi nyama, wanabandika ukutani, alafu wiki ya pili anakuja mzazi anasema mwanangu hali mayai, mwingine anasema wangu akila karanga anavimba, hapo ndo unakuta jikoni kuna sufuria tano na mpishi mmoja na mkaa umeisha. Geuza. Anza na aleji, menyu ije baadae. Ukishajua nani hali nini unatafuta chakula ambacho wote ishirini wanaweza kula kutoka chungu kimoja, alafu vile vitu vya hatari vinakuja pembeni, mwishoni, kwa wanaoruhusiwa. Hiyo ndo inaokoa hela na ndo inaokoa mtoto.

Nitachukua mfano mmoja niende nao mpaka mwisho. Watoto 20, umri mwaka mmoja mpaka mitatu, wanakuja asubuhi wanaondoka jioni, siku tano. Tunawapa uji saa nne, chakula saa sita na nusu, na tunda saa tisa wakiamka. Wanne wana aleji: mmoja karanga, mmoja mayai, mmoja samaki wa aina zote mpaka dagaa, na mmoja maziwa ya ng'ombe. Bajeti ni laki moja kwa wiki, vyakula pamoja na mkaa. Watoto 20 mara siku 5 ni milo ya siku 100, kwahiyo laki moja maana yake ni 1,000 kwa mtoto kwa siku, hesabu rahisi haihitaji hata kalkuleta.

Hatua ya 1: Muhoji mzazi vizuri, usimpe fomu tu ajaze

Fomu inayouliza "mtoto ana aleji? ndiyo/hapana" haina kazi. Mzazi mwingine anaandika ndiyo kwasababu mtoto hapendi maharage, mwingine anaandika hapana wakati mtoto anatoka mapele kila akila yai ila bibi kasema ni joto. Kaa nae dakika kumi umuulize: alikula nini, kiasi gani, ilichukua muda gani mpaka kitu kitokee, kilitokea nini, ilijirudia alipokula tena, na kuna daktari aliyesema?

Muda ndo kitu kikubwa hapo. Aleji yenyewe ile ya hatari mara nyingi inakuja haraka, dakika chache mpaka kama masaa mawili hivi: mabonge ya kuwasha mwilini, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa, kupumua kwa shida. Mtoto anayeharisha kesho yake baada ya kunywa maziwa, au anayejaa gesi, huyo anaweza kuwa tumbo lake halimudu sukari ya maziwa, anasumbuka kweli lakini sio jambo la kukimbizana hospitali. Sio kazi yako kuamua ni kipi, hiyo ya daktari, kazi yako ni kuandika mzazi alichosema kwa maneno yake na mpaka daktari aseme vingine chukulia ni aleji.

Ila na upande wa pili pia, usikubali kuondoa chakula kwa mtoto kwa sababu ya hisia. Nishaona mtoto kanyimwa mayai, maziwa na samaki kwa mpigo eti "ana ngozi nyeti", kabaki na uji wa maji na wali mchuzi, na kilo hazipandi. Mzazi anayetaka uondoe vitu vingi hivyo mwambie aende kliniki kwanza aje na karatasi.

Alafu kuna sheria moja ambayo ukiishika inapunguza kesi nyingi sana: mtoto haonji kitu kwa mara ya kwanza dei kea. Mpe mzazi orodha ya vyakula vyote vilivyoko kwenye menyu yako, atiki vile ambavyo mtoto ameshakula nyumbani bila shida. Ambacho hajatiki, hapewi hapa mpaka aanzie nyumbani, mchana sio usiku, siku ambayo mzazi yupo nae. Wazazi wengine wanalalamika kwamba ndo maana wanalipa, ila ukiwaeleza wanaelewa.

Hatua ya 2: Unga wa uji, hapa ndo kuna mtego

Ungeniambia nichague kitu kimoja tu cha kubadilisha kwenye dei kea ya kawaida ningechagua unga wa lishe. Ule unga wa lishe tunaousifia una mahindi, ulezi, mtama, alafu humo humo soya, karanga, saa nyingine ufuta, korosho, na wengine wanasagia mpaka dagaa. Ukisema mtoto wako ana aleji ya karanga ukamuondolea karanga za kutafuna alafu asubuhi ukampa kikombe cha uji wa lishe hujafanya kitu. Na ukinunua wa kupima dukani hujui kilichomo, muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui.

Kwahiyo kwetu unga ni mahindi na ulezi tu, basi. Kwa wiki kilo moja na nusu ya mahindi na kilo moja ya ulezi, ukichanganya unapata nusu kilo kwa siku, inatoa uji kama lita nne na ushee, kila mtoto anapata kikombe. Hiyo protini ya karanga na soya iliyotoka tunairudisha mchana kwenye maharage, choroko, nyama. Na uji usiwe maji maji, mtoto ana tumbo dogo, akijaza uji mwepesi anashiba maji. Upike uwe mzito wa kudondoka taratibu kwenye kijiko, alafu mwishoni weka vijiko vitatu vinne vya mafuta ya alizeti kwenye sufuria nzima, nguvu inaongezeka na wala hawasikii ladha.

Sasa mashine ya kusaga. Mahindi yako masafi, ulezi wako msafi, unapeleka kwenye mashine ambayo aliyetangulia kasaga karanga na soya za lishe. Unga wako ukipita unabeba mabaki yake. Tafuta mashine inayosaga nafaka peke yake, zipo, uliza tu. Ukikosa kabisa na una mtoto wa karanga ambaye alishawahi kuvimba au kushindwa kupumua, nunua unga wa nafaka moja uliofungwa kiwandani na usome nyuma ya pakiti, utalipa zaidi kidogo ila usibishane na hilo.

Na kabla ya kusaga chambua. Mahindi yaliyotoboka, yenye ukungu, yaliyobadilika rangi, toa yote, usiseme nitayaosha. Sumukuvu haiishi kwa kupika, na mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye hiyo kitu. Karanga nazo zinaongoza kwa sumukuvu, ndo sababu nyingine mimi sioni hasara ya kuzitoa kabisa jikoni kwa dei kea yenye watoto wadogo hivi, ukiongeza na kwamba karanga nzima inakaba koo kirahisi sana.

Hatua ya 3: Gawa vyakula vya aleji kwenye mafungu mawili

Fungu la kwanza ni vinavyofukuzwa kabisa jikoni. Kwetu ni karanga na ndugu zake: siagi ya karanga, kashata, unga wa lishe, mboga za kuungwa na karanga. Sababu ni kwamba zinajificha kwenye chakula, kidogo tu kinatosha kuleta shida, na tunaweza kuishi bila. Hakuna kusema leo tu.

Hapo kwenye mboga kaa na mpishi umwambie wazi kwasababu wapishi wengi mkono umezoea. Mchicha wa karanga au kisamvu cha karanga ndo mapishi anayoyajua, anaweza akakuuliza "kwani nikiweka kijiko kimoja tu itamdhuru nini dada, si itayeyuka?" Mwambie ikiyeyuka ndo mbaya zaidi maana haionekani. Tui la nazi linafanya kazi ile ile ya kulainisha mboga.

Fungu la pili ni vinavyobaki lakini kwa masharti: mayai, dagaa, maziwa. Hivi ukivifukuza vyote kwa watoto 20 kisa watoto watatu, wale wengine 17 wanakosa vyakula vizuri, na dagaa ni protini ya bei nafuu huwezi kuiacha hivi hivi. Masharti ni manne na yanatosha:

Kila kimoja kina siku yake kwenye wiki, hakitokei siku nyingine. Dagaa Jumatano, mayai Alhamisi, maziwa Jumatatu na Ijumaa kwenye uji. Mpishi akishika siku hizo hahitaji kukumbuka vingine.

Hakipikwi ndani ya chungu kikuu. Chungu kikuu ni cha wote. Dagaa wana kikaango chao na mafuta yao, na yale mafuta hayarudi kwenye chupa. Maziwa yanaingia kwenye uji baada ya kuchota wa yule mmoja.

Mwenye aleji anapakuliwa kwanza, kabla sufuria la kitu hicho halijafunuliwa, kwa upawa ambao haujagusa kitu, kwenye sahani yake ya rangi yake, na inafunikwa. Kwetu wale wanne wana sahani na vikombe vyekundu, wengine bluu na kijani.

Anakaa na mtu mzima pembeni yake. Usimtenge kwenye kona kama ana makosa, akae mezani na wenzake ila mwisho wa meza na dada mmoja katikati yake na mwenzake, maana watoto wa miaka miwili wanapokonyana, na huwezi kumlaumu.

Baada ya kula kila mtoto ananawa mikono na mdomo kwa maji na sabuni. Sanitaiza haitoi chakula mkononi, inaua vijidudu tu, uchafu wa yai unabaki pale pale. Meza nayo ifutwe kwa maji ya sabuni na kitambaa ambacho sio kile kilichofuta sahani za dagaa.

Na vitu kutoka nyumbani, hapana. Biskuti, kashata, kipande cha keki ya bethidei, hapana. Keki ina mayai, maziwa na ngano kwa pamoja. Mzazi anayetaka kusherehekea alete tikiti maji zima au ndizi, tunakata hapa.

Hatua ya 4: Menyu yenyewe

*Jumatatu.* Uji na maziwa lita moja (aliye na aleji ya maziwa anachotewa kabla). Mchana wali, maharage ya nazi, mchicha uliokatwa mdogo. Saa tisa ndizi mbivu.

*Jumanne.* Uji mkavu bila maziwa. Mchana ndizi za kupika na nyama ya kusaga, karoti zilizoiva mpaka zinapondeka. Saa tisa papai.

*Jumatano.* Uji mkavu. Mchana ugali laini, matembele, na dagaa waliokaangwa na kutwangwa. Wa samaki anapata choroko. Saa tisa tikiti maji lililotolewa mbegu.

*Alhamisi.* Uji mkavu. Mchana viazi vitamu vya kuponda na choroko za nazi, na nusu yai la kuchemsha. Wa mayai anaongezewa choroko. Saa tisa ndizi mbivu.

*Ijumaa.* Uji na maziwa. Mchana wali, mchuzi wa maini, boga. Saa tisa parachichi au embe, kutegemea msimu.

Ukiangalia utaona karanga haipo popote, na siku mbili, Jumatatu na Jumanne, chakula cha mchana kinaliwa na wote ishirini bila kubadilisha chochote, Ijumaa pia. Ni Jumatano na Alhamisi tu ambapo kuna sahani moja tofauti, na hiyo tofauti inatoka kwenye kitu ambacho tayari kipo jikoni, choroko, sio chakula maalum cha kununua. Ukiona menyu yako inahitaji sahani tofauti tatu kwa siku moja ibomoe uanze tena, maana siku mpishi mkuu akiumwa akaja mtu mwingine ndo makosa yanatokea.

Maini mara moja kwa wiki inatosha, yana vitamini A nyingi sana, kwa mtoto mdogo kuzidisha sio vizuri. Na chai usiwape na chakula hata iwe ya rangi, inazuia madini ya chuma kwenye maharage na mboga kuingia mwilini. Maji yanatosha.

Kuhusu kukaba koo: dagaa sisi tunawatoa vichwa, tunawaosha maji ya moto mara mbili mchanga utoke, tunawakausha kwenye kikaango na mafuta kidogo alafu tunawatwanga kwenye kinu mpaka wanakuwa kama unga wa chenga, tunanyunyizia juu ya ugali wa mtoto mmoja mmoja. Zabibu, popkoni, soseji za duara na karoti mbichi havipo kwenye menyu na visije vikaongezwa. Yai lichemke dakika kumi kiini kiwe kigumu, alafu liponde.

Hatua ya 5: Vipimo na hela

Vipimo vya watoto ishirini ukishavijua huvisahau. Mchele kilo moja, maana kilo moja inatoa wali kama kilo mbili na nusu mpaka tatu, kila mtoto anapata kama kikombe kidogo cha chai. Maharage au choroko nusu kilo kavu. Nyama au maini nusu kilo, ambayo ni kama gramu 25 kila mmoja, sio nyingi ila ikisagwa na kuchanganywa na mchuzi wa karoti kila mtoto anaipata, tofauti na vipande ambavyo wakubwa wanamaliza. Dagaa robo kilo. Unga wa ugali kilo moja. Viazi vitamu kilo tatu kabla ya kumenya. Mayai kumi.

Bei hapa chini ni za mfano, weka za sokoni kwako. Jumanne nimeichambua kwasababu ndo siku ghali kuliko zote:

Ndizi za kupika 5,000, nyama nusu kilo 6,000, karoti nyanya na kitunguu 1,500, papai kubwa 2,500. Jumla 15,000.

Siku nyingine kwa hesabu hiyo hiyo: Jumatatu 10,100, Jumatano 9,800, Alhamisi 14,100, Ijumaa 14,000. Jumla ya mchana na matunda wiki nzima ni 63,000. Uji wa wiki, yaani mahindi, ulezi, nusu kilo ya sukari na lita mbili za maziwa, 11,900. Mafuta lita moja na chumvi 6,500. Mkaa 10,000. Inafika 91,400, inabaki 8,600 ambayo ni ya dharura, usiipangie matumizi, wiki nyanya zikipanda ndo inaondoka hapo, na wiki isipotumika inawekwa kwenye kopo maana sabuni, dawa ya kufutia meza na kinu kuvunjika zipo.

Unaona jinsi siku ghali na siku rahisi zinavyopishana? Jumatano ya dagaa inabeba Jumanne ya nyama. Watu wengi wanakosea hapa, wanagawa hela sawa kila siku, 20,000 Jumatatu, 20,000 Jumanne, alafu Jumatatu inabaki inapotelea kwenye soda na Jumanne haitoshi wananunua robo ya nyama. Panga kwa wiki, sio kwa siku.

Penye kuokoa kweli ni mkaa. Maharage loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Yanaiva haraka na gesi tumboni inapungua. Ila hakikisha yamechemka kwa nguvu sio kufukuta tu, hasa yale mekundu makubwa, yasipochemka vizuri yanatapisha, na utadhani mtoto ana aleji kumbe ni maharage mabichi. Choroko haina hata haja ya kulowekwa muda mrefu, ndo maana iko Alhamisi ambapo kuna viazi na mayai vinagombania jiko.

Kitu ambacho sikushauri ni kupika wali wa Jumatatu ukaupasha Jumanne. Kama huna friji chakula kilichobaki baada ya masaa mawili mpe mbuzi wa jirani. Wali uliolala nje unaotesha vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki kwa kupasha moto, na watoto ishirini wakitapika kwa siku moja hiyo sio aleji, hiyo ni jiko lako.

Hatua ya 6: Karatasi mbili ukutani

Moja jikoni, moja pale wanapolia chakula. Picha ya mtoto, jina, asichokula, siku ya hatari, na mbadala wake. Mfano: "HALI samaki, dagaa. Jumatano: choroko. Sahani nyekundu." Maandishi makubwa, maneno machache, hata dada mpya wa leo asubuhi aelewe kwa kutazama. Mzazi atoe ruhusa ya picha, na isibandikwe sehemu ambayo kila mgeni anaiona.

Dada wa zamu anasoma karatasi kwa sauti kabla ya kupakua siku ya Jumatano na Alhamisi. Inaonekana kama mchezo wa kitoto ila baada ya wiki mbili wanafanya wenyewe.

Hatua ya 7: Ikitokea

Dalili ndogo, mabonge machache mdomoni au mkononi, mtoto anacheza na anapumua vizuri: ondoa chakula, muoshe, mpigie mzazi hapo hapo, na usimuondolee macho kwa masaa mawili. Kama mzazi kaacha dawa ya aleji iliyoandikwa na daktari na kipimo chake, mpe hiyo. Usitoe dawa ya mtoto mwingine.

Dalili kubwa ni hizi: sauti inakauka au anakohoa bila kukoma, anapumua kwa filimbi au mbavu zinaingia ndani, ulimi umevimba, amelegea au amepauka ghafla, au mabonge pamoja na kutapika mfululizo baada ya chakula unachojua kina aleji yake. Hapo hakuna kusubiri mzazi afike. Vidonge na sharubati za aleji zinapunguza kuwasha, hazifungui njia ya hewa. Kinachotakiwa ni sindano ya adrenalini kwenye paja, na zile kalamu za kujidunga huku kwetu ni adimu na ghali, kwahiyo mpango wako ni kumfikisha kwenye kituo chenye hiyo sindano.

Ndo maana kabla hujafungua dei kea nenda kituo cha afya au zahanati iliyo karibu ukaulize wazi: adrenalini mnayo? mpo wazi saa ngapi? Wengine watakuambia haipo, basi unatafuta cha pili. Andika jina la kituo na namba ya dereva wa bajaji wa karibu na wa pili wake kwenye ile karatasi ya ukutani. Bajaji au gari, sio bodaboda, kwasababu mtoto aliyelegea anatakiwa alale chali miguu ikiwa juu kidogo, kama anashindwa kupumua akae ameegemea, ila asibebwe begani akiwa wima wala asitembezwe. Dada mmoja anaenda nae, mwingine anabaki na watoto, wa tatu anapiga simu kwa mzazi. Chukua na kipande cha chakula alichokula, kitamsaidia daktari.

Mtoto akipata nafuu hospitali wataweza kutaka abaki masaa kadhaa, mzazi asimuwahishe nyumbani, dalili zinaweza kurudi baada ya kuisha.

Hatua ya 8: Ijumaa jioni

Kila siku mpishi anapima mabaki kwenye sahani kwa kijiko, sio kwa macho, na anaandika: mchicha umebaki sana, wali umeisha, dagaa nusu. Ijumaa mnakaa nae robo saa. Kama kitu kimebaki zaidi ya theluthi wiki mbili mfululizo sio watoto hawapendi, kwanza angalia jinsi kilivyopikwa. Mchicha unaobaki mara nyingi ni mchicha uliokatwa mrefu, unashika kwenye koo, wanautema. Ukate mdogo kabla ya kupika, uchanganye kwenye maharage, kilo inaisha. Ubadilishe chakula baada ya hapo, na kila unachobadilisha kipitishe tena kwenye orodha ya wale wanne kabla hakijaingia kwenye karatasi ya manunuzi, hata kama ni kiungo tu kama mchanganyiko wa pilau uliosagwa dukani.